Pampu mkononi, sigara mfukoni: jinsi nilivyopata nafuu ya mapafu

Nina ugonjwa sugu wa mapafu, ule unaobana njia za hewa polepole kwa miaka mingi na usioisha, na kwa muda mrefu nilikuwa nikitumia dawa za kuvuta huku nikiendelea kuvuta sigara. Kila nilipolalamika kwamba kifua hakifunguki niliongezewa dawa, hadi nikawa na pampu ya salbutamol ya kutuliza, kifaa cha kuvuta dawa ya unga yenye steroidi, na vidonge vya theofilini vya kupanua njia za hewa. Dawa ziliongezeka, lakini ngazi za nyumbani bado nilizipanda kwa vituo. Ninaloandika hapa ni namna nilivyokuja kupata faida ya dawa hizohizo bila kuongezewa nyingine.

Jambo la kwanza lilitoka kwa muuguzi wa kliniki ya kifua, ambaye kabla ya kuandika chochote alinipa pampu isiyo na dawa na kuniambia, "Baba, hebu vuta kama unavyovuta nyumbani." Nilipobonyeza, wingu dogo jeupe lilinitoka pembeni mwa mdomo, naye akanionyesha kwa kidole. Ukungu ukionekana juu ya pampu au kwenye pembe za midomo, dawa hiyo haikwenda kifuani. Hata anayevuta vizuri hupata sehemu ndogo tu ya kila mbonyezo kwenye mapafu, kwa kuwa nyingi hugonga koo na kumezwa, kwa hiyo kinachopotea mdomoni kinakatwa kwenye kiasi ambacho tayari ni kidogo.

Alinifundisha hivi. Kaa wima, toa kifuniko na uchungulie ndani kama kuna uchafu, kisha tikisa pampu vizuri. Toa pumzi taratibu kadiri unavyoweza bila kujilazimisha, ukielekeza pumzi mbali na pampu, ndipo ufunge midomo kuizunguka. Anza kuvuta hewa kwanza, na mara tu pumzi inapoanza kuingia, bonyeza mara moja, uendelee kuvuta polepole kwa sekunde 4 au 5 mpaka kifua kijae. Zuia pumzi kwa sekunde 10, au kadiri unavyoweza, kisha uitoe taratibu. Kama umeandikiwa mbonyezo wa pili, subiri nusu dakika hadi dakika moja na utikise tena.

Neno lililokuwa gumu kwangu ni "polepole". Mtu aliyebanwa hutamani kuivuta dawa kwa nguvu, lakini gesi hutoka kwenye pampu ikiwa tayari na kasi, na matone yake yakisukumwa zaidi hushindwa kufuata mpindo wa koo, kama gari lililoingia kwenye kona kwa mwendo mkali, yakaishia ukutani. Kwa kuwa mkono na pumzi yangu havikukubaliana, nilipewa spesa, yaani chombo kama chupa kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Dawa hutulia humo kidogo na kupoteza kasi, nami nikavuta bila kugombania muda. Masharti yake ni machache: mbonyezo mmoja tu kwa kila mvuto, na usikawie kuvuta baada ya kubonyeza, kwa sababu dawa huanza kutua kwenye kuta za chombo. Asiyeweza kuvuta pumzi moja ndefu anaweza kupumua ndani yake kama kawaida mara tano. Spesa huoshwa kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni na kuachwa ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata umeme tuli unaonasa dawa.

Kifaa cha unga kilitaka kinyume kabisa, na nadhani hapa wengi wenye vifaa viwili huchanganyikiwa. Hakina gesi ya kusukuma dawa, hivyo nguvu ya pumzi yako ndiyo inayovunjavunja unga kuwa chembe ndogo za kufika mbali. Kinavutwa kwa haraka na kwa nguvu tangu mwanzo, hakitumiwi na spesa, na pumzi haitolewi ndani yake kwa sababu unyevu hugandisha unga. Kwa kuwa cha kwangu kina steroidi, nasukutua na kutema kila baada ya kukitumia, la sivyo mdomo hupata utando mweupe wa fangasi na sauti hukwaruza.

Baada ya marekebisho hayo pampu ya kutuliza ilianza kunifungua kifua kwa namna niliyoweza kuihisi. Steroidi haikuleta tofauti kubwa, na daktari hakuzungusha maneno: alisema sehemu hiyo ya tiba naizima mwenyewe kwa sigara.

Alinieleza kwamba steroidi hutuliza uvimbe wa njia za hewa kwa kuingia ndani ya seli na kuzima vinasaba vinavyotengeneza kemikali za uvimbe, na kwamba haifanyi kazi hiyo peke yake, bali hutegemea protini maalumu iliyomo kwenye seli. Moshi wa sigara hudhoofisha protini hiyo. Dawa inafika mahali pake, lakini msaidizi wake hana nguvu, na wakati huohuo moshi unawasha uvimbe mpya. Kuongeza dozi hakuondoi kizuizi hicho, bali huongeza madhara ya dawa. Aidha, moshi hudhoofisha vijinyweleo vinavyosafisha njia za hewa, makohozi yakabaki na kuziba vijia vyembamba ambamo dawa ilipaswa kupita. Dawa za kupanua njia za hewa bado humsaidia mvutaji, ila zinafanya kazi kwenye mapafu yanayoendelea kuharibiwa.

Kilichonishangaza zaidi ni theofilini, kwa kuwa hiyo ni kidonge na haipiti kwenye njia za hewa hata kidogo. Kemikali za lami iliyomo kwenye moshi huchochea kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa hiyo, kwa hiyo mvutaji huimaliza haraka na huhitaji dozi kubwa kuliko asiyevuta. Nilikuwa nikimeza miligramu 400 asubuhi na 400 jioni. Nilipopanga siku ya kuacha sigara, daktari alitaka aijue mapema, kwani ini hurudi kwenye mwendo wake ndani ya siku chache, na dozi iliyomfaa mvutaji inaweza kugeuka sumu kwa aliyeacha. Dalili zake ni kichefuchefu, kutapika, kutetemeka, kukosa usingizi na moyo kwenda mbio, na ikizidi huleta degedege.

Niliacha kwa msaada wa viraka vya nikotini, nikadhani kwamba kwa kuwa nikotini bado inaingia mwilini dozi ingebaki ilivyokuwa. Daktari alinisahihisha: kinachochochea ini ni moshi wenyewe, si nikotini, kwa hiyo kiraka hakibadilishi hesabu. Wiki ya kwanza alipunguza dozi kwa robo, ikawa miligramu 300 mara mbili kwa siku, kisha akapima kiwango cha dawa kwenye damu kabla ya kuamua chochote zaidi. Akaniagiza pia kwamba nikirudia sigara nimwambie, maana kiwango kingeshuka tena na kubanwa kungerudi.

Mapafu yangu hayakurudi kuwa mazima, na uvimbe hauishi wote hata kwa aliyeacha. Kilichobadilika ni kwamba pampu ya kutuliza, ambayo zamani niliishika kila baada ya muda mfupi, sasa naihitaji hasa ninapopanda mlima au ninapopata mafua, na kwenye kila kliniki muuguzi bado ananitaka nivute mbele yake, kwa sababu mkono husahau hatua hizi upesi kuliko mtu anavyodhani.