Jinsi nilivyoandika upya tangazo la kahawa yangu ya Mbinga

Nilipoanza kuuza kahawa ya kusaga mtandaoni kutoka Dar es Salaam, maelezo niliyoweka chini ya picha ya pakiti yalikuwa haya: «Kahawa bora ya Tanzania, daraja la AA, yenye ladha ya chokoleti, asali na machungwa, imekaangwa kwa ustadi, gramu 250.» Niliyaona mazuri mpaka siku mteja mmoja, mama wa makamo aliyekuwa amenunua pakiti mbili, aliponipigia simu akauliza: «Kaka, hiyo asali mmetia kiasi gani? Maana mume wangu ana sukari, na mimi nikionja siisikii.» Nilimweleza kwamba hakuna asali iliyotiwa, na kwamba hayo ni maneno ya waonjaji. Akanijibu kwa upole kwamba mnunuzi hasomi maneno ya waonjaji, anasoma kilichomo. Jioni hiyo nilikaa na pakiti, mizani na daftari la ununuzi, nikaamua kwamba kila neno litakalobaki kwenye tangazo liwe ni lile ninaloweza kumwonyesha mtu.

Nilianzia kwenye asili, kwa kuwa nilidhani ndiyo rahisi. «Kahawa ya Tanzania» ni kweli, lakini haimsaidii mnunuzi, kwa sababu arabika ya nyanda za kusini na robusta ya Kagera ni vinywaji viwili tofauti kabisa ingawa zote ni za Tanzania. Daftari langu lilionyesha kwamba buni nilizonunua zilitoka Mbinga, mkoani Ruvuma, ni arabika iliyooshwa, yaani iliyomenywa na kusafishwa kwa maji kabla ya kukaushwa, ya msimu wa 2023. Hayo niliyaandika. Jina la kijiji sikuliandika, kwani aliyeniuzia alikuwa amekusanya kutoka kwa wakulima wa vijiji kadhaa, na kuchagua kimoja kwa sababu jina lake ni tamu kungekuwa uongo. Kadhalika nilikataa ushauri wa rafiki aliyetaka niandike Kilimanjaro kwa kuwa jina hilo linauza. Ni kweli kwamba huko Japani arabika iliyooshwa ya Tanzania, hata ya mikoa mingine, huuzwa kwa jina hilo, lakini mnunuzi wa Temeke akisoma Kilimanjaro anaelewa Moshi, si Mbinga. Herufi za AA nazo nilizitoa kwenye sentensi ya sifa, kwa kuwa zinataja ukubwa wa punje zilizopita kwenye chekeche na hazisemi lolote kuhusu ladha. Tena kahawa ikishasagwa, mnunuzi hawezi hata kuuona ukubwa huo.

Kukaanga ndiko kulikonisumbua zaidi, kwa sababu neno «wastani» kila mkaangaji ana lake. Mtambo ninaoukodi hauna kipimo cha rangi, basi nilitafuta alama ambayo masikio na macho yanaweza kuithibitisha. Buni zikipata moto wa kutosha hutoa mlio wa kwanza, kama bisi zinavyopasuka. Zikiendelea kukaa motoni hutoa mlio wa pili, mwembamba na wa haraka zaidi, na baadaye mafuta huanza kujitokeza juu ya punje. Mimi huzitoa baada ya mlio wa kwanza kwisha na kabla ya ule wa pili kuanza, zikiwa na rangi ya hudhurungi na uso mkavu. Kwa hiyo badala ya «imekaangwa kwa ustadi» niliandika «ukaangaji wa wastani, rangi ya hudhurungi, punje hazina mafuta juu». Aliyezoea kahawa nyeusi ya mabarazani, iliyokaangwa sana, akisoma hivyo anajua mapema kwamba hii haitampa uchungu ule anaoutafuta.

Kwenye usagaji nilikuwa sijaandika kitu chochote, na malalamiko mengi yalitoka hapo. Wapo waliochemsha kahawa kwenye sufuria au dele, na wapo waliotumia karatasi ya kuchujia. Hawa wa pili walilalamika kwamba maji hayapiti na kikombe ni kichungu. Kahawa ilikuwa ileile, tatizo ni kwamba niliisaga laini kama unga, na unga huo huziba karatasi na kuyachelewesha maji hadi yanavuta uchungu mwingi. Sasa ninasaga aina mbili, na kila moja naitaja kwa chombo chake: laini kama unga kwa ajili ya kuchemsha, na ya chembechembe kama chumvi ya mezani kwa ajili ya karatasi.

Uzito ulinitia aibu. Nilikuwa naweka pakiti tupu kwenye mizani, namimina kahawa mpaka namba isome 250, kisha naandika gramu 250. Nilipoipima pakiti tupu peke yake nikaona ina gramu 14, yaani nilikuwa nauza gramu 236 bila kujua. Siku hizi naweka pakiti tupu, narudisha mizani kwenye sifuri, ndipo namimina, na kwenye tangazo naandika «uzito halisi wa kahawa». Hesabu ya gharama nayo ilibadilika, kwa sababu kilo 10 za buni zilinirudishia kilo 8.4 baada ya kukaangwa, maji yakiwa yametoka na makapi yamepeperuka. Hizo ni pakiti 33, na gramu 150 zilizobaki ndizo tunazokunywa nyumbani.

Tarehe niliipata kwa kungoja. Nilifunga pakiti kadhaa za awamu moja, nyingine zikiwa punje na nyingine zimesagwa, nikawa nafungua moja kila mwezi na kuilinganisha na kahawa iliyokaangwa juma hilo. Ya kusagwa, katika joto la Dar es Salaam, ilikuwa imepoteza harufu waziwazi kufikia mwezi wa nne; kikombe kilikuwa bapa, chenye harufu ya karatasi. Punje zilivumilia zaidi. Nikaweka miezi mitatu kwa ya kusagwa na sita kwa punje, nikihesabu kuanzia siku ya kukaanga, kwa sababu siku ya kufungasha naweza kuisogeza na kahawa isijue. Nimeandika «inafaa zaidi kabla ya», wala si «mwisho wa matumizi», kwa kuwa kahawa kavu iliyopita tarehe hiyo imechuja ladha tu, haijawa sumu.

Ladha niliiacha mwisho. Niliwapikia majirani wanne bila kuwaambia chochote, kila mmoja akaandika maneno yake, nami nikabakiza yale yaliyotajwa na watatu au zaidi. Hakuna aliyeandika chokoleti wala machungwa. Tangazo likawa hivi:

«Kahawa ya kusagwa, arabika iliyooshwa kutoka Mbinga, Ruvuma, msimu wa 2023. Ukaangaji wa wastani, rangi ya hudhurungi, punje hazina mafuta juu. Imesagwa laini kwa ajili ya kuchemsha. Uzito halisi wa kahawa: gramu 250. Imekaangwa 4 Machi 2024. Inafaa zaidi kabla ya 4 Juni 2024. Ina uchachu mwepesi na uchungu kidogo. Haina kitu kingine kilichoongezwa.»

Sentensi ya mwisho niliiandika kwa ajili ya yule mama. Kazi iliyobaki ni kwamba tangazo hukaa mtandaoni muda mrefu kuliko kahawa ghalani, hivyo kila awamu mpya inapotoka motoni nalifungua kwanza na kubadilisha tarehe zote mbili. Awamu ya tatu, buni zilipotoka Mbozi, nilifuta hadi mstari wa ladha, nikawaita majirani tena.