Kijiko cha chakula

Leo saa 3 asubuhi nimetuma barua pepe kwa kampuni ambayo hainijui. Haifiki maneno 100, na imenichukua siku nne.

Ilianzia Sabasaba. Kwenye banda moja niliona unga wa uji wa lishe wenye pakiti mpya, ubavuni umeandikwa Kifaransa. Kijana wa bandani akaniambia, "Dada, tunafungua ghala Lubumbashi. Hizi pakiti ni za majaribio tu, zenyewe zinakuja." Nikanunua moja, nikaomba kadi ya meneja masoko.

Nilipofika nyumbani Tabata niliisoma kwa kalamu mkononi. Kiswahili kinasema: vijiko 5 vya chakula kwa nusu lita ya maji. Kifaransa kinasema « 5 cuillères de nourriture ». Aliyetafsiri alifuata neno kwa neno, lakini kijiko hicho hakipo kwa Kifaransa. Kijiko chetu cha chakula wao wanakiita « cuillère à soupe », kijiko cha supu, na kijiko cha chai ni « cuillère à café », kijiko cha kahawa. Mama wa Lubumbashi akisoma maneno yale ataelewa vijiko vitano vya chakula chenyewe, basi, na atachukua kijiko kilicho karibu. Kikiwa kidogo, kinabeba mililita 5 badala ya 15, kwa hiyo unga unaoingia sufuriani ni theluthi moja tu. Mtoto anakunywa maji yenye rangi ya uji, na mama anasema unga huu haufai.

Yalikuwepo makosa mengine mawili, hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Rasimu yangu ya kwanza ilianza na mimi: jina, shahada, miaka tisa ya kutafsiri Kifaransa. Nikaifuta. Meneja huyo hana shida na miaka yangu tisa, ana shida na pakiti. Rasimu ya pili iliyataja makosa yote matatu, na nilipoisoma kwa sauti ilisikika kama mwalimu anasahihisha daftari. Nikakumbuka pia kwamba aliyetafsiri huenda ni mtu wa ofisini humohumo, tena labda ndiye atakayeisoma barua. Nikabakiza kosa moja, lile la kijiko, bila neno la lawama.

Rafiki yangu tunayefanya naye kazi hii alinishauri nilitaje kosa lakini nisitoe jibu, walipie kwanza. Nilikataa. Barua inayosema "kuna kosa" halafu ikanyamaza inasikika kama vitisho, na meneja hana namna ya kujua kama ninajua kweli. Isitoshe, huo ni uji wa watoto. Nimeandika hivi:

"Ndugu Meneja Masoko, habari za kazi. Nilinunua unga wenu Sabasaba, nikaambiwa mnaelekea Lubumbashi. Hongereni. Kwenye maelekezo ya Kifaransa, vijiko vya chakula vimeandikwa 'cuillères de nourriture'. Msomaji wa kule anatarajia 'cuillères à soupe', la sivyo anaweza kutumia kijiko kidogo na uji ukawa mwepesi. Natafsiri kati ya Kiswahili na Kifaransa, na ninaweza kupitia pakiti nzima kwa siku mbili. Je, silinda za kuchapia zimeshachongwa?"

Swali la mwisho ndilo nililolifikiria zaidi. Kila rangi ya pakiti ina silinda yake, na silinda ikishachongwa, kubadilisha neno moja maana yake ni kuchonga upya. Kama bado, barua yangu imefika kwa wakati. Kama tayari, bora wajue kabla ya kuchapa mzigo mkubwa. Na ni swali la kujibiwa ndiyo au hapana, hata kwa simu akiwa kwenye foleni ya Mandela.

Bei sikuweka. Kwa kawaida nahesabu kwa neno la matini ya asili, lakini pakiti ina maneno machache, hesabu hiyo ingetoa kiasi kisichofanana na kazi. Kazi yenyewe ni kulinganisha, kuuliza, kisha kuiona tena baada ya mchoraji kuipanga, kwa sababu herufi kama é na ç hupotea hapo. Wakinijibu nitawapa bei moja ya pakiti nzima.

Najua pia hoja watakayonipa: Lubumbashi wanaongea Kiswahili, Kifaransa cha nini? Ni kweli, sokoni wanaongea Kiswahili, chao chenye ladha yake. Lakini shuleni wamesoma Kifaransa, ndiyo lugha rasmi ya nchi, na mkaguzi wa bidhaa anaandika kwa Kifaransa.

Wasipojibu hadi Alhamisi ijayo, nitawaandikia mara moja zaidi, mistari miwili, nikitaja kosa la pili. Baada ya hapo nitanyamaza. Pakiti nimeiweka juu ya kabati, na ule ukurasa wa maelekezo umetazama nje.