Siku moja maishani mwangu: usiku wa hezi 130

Siku yangu ilianza saa 1 asubuhi kama siku nyingine, na mpaka jioni haina cha kusimulia. Mihadhara miwili, foleni ya chakula, daladala. Naanzia maabara.

Saa 12 jioni. Mimi na mtani wangu (yeye Mchaga, mimi Mpare, kwa hiyo majina yetu tumeshayasahau) tumebaki wawili tu. Kesho saa 3 asubuhi tunakabidhi zoezi: kurekodi mapigo ya moyo, kuondoa kelele, kuhesabu mapigo kwa dakika. Vifaa ni kibao cha AD8232 cha kunasa umeme wa moyo, chenye elektrodi tatu, Arduino Uno ya kuusoma, na kompyuta yangu yenye Python. Mtani ndiye mgonjwa. Elektrodi mbili chini ya mitulinga, ya tatu ubavuni. Kompyuta inatumia betri muda wote zikiwa mwilini, hilo mwalimu hana mzaha nalo.

Saa 2 usiku. Mchoro unatoka, lakini mnene kama kamba ya katani. Mawimbi ya R, ile miiba mirefu ya kila pigo la moyo, yanaonekana kwa shida. Hii tulishaambiwa: nyaya za ukutani zina umeme wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, mwili wa mtu unaunasa kama antena, na elektrodi zinaupokea pamoja na moyo. Dawa yake ni filta inayokata masafa hayo tu:

```python
b, a = iirnotch(50, 30, fs=500)
y = filtfilt(b, a, x)
```

Hiyo 500 ni idadi ya sampuli kwa sekunde. Kwenye Arduino tuliweka `delay(2)`, yaani milisekunde mbili kwa kila sampuli. Hesabu ya darasa la nne.

Saa 3. Filta haifanyi kitu. Kamba ni ileile. Tena imeongeza ubaya: kabla na baada ya kila wimbi la R sasa kuna vijiwimbi vidogo ambavyo havikuwepo. Na hesabu ya mapigo inasema 187 kwa dakika. Mtani amekaa kwenye kiti anakula karanga.

"Inahesabu kelele kama mapigo," anasema. Mimi pia naona hivyo, tukaendelea.

Saa 4 hadi saa 6. Hapa tulipoteza saa mbili. Tulibadilisha elektrodi, tukasokota nyaya pamoja, tukampangusa mtani ngozi kwa spiriti mpaka akalalamika. Kelele ilipungua kidogo, haikuondoka. Ndipo nikachora grafu ya masafa, kazi ambayo ilipaswa kuwa ya kwanza. Kilele kikubwa kilikuwepo, kirefu na chembamba, lakini hakikuwa kwenye 50. Kilikuwa kwenye 130.

Mtani akapendekeza tukate kila kitu kilicho juu ya 20, mchoro utoke laini, tukalale. Nikakataa. Wimbi la R ni la ghafla, na wimbi la ghafla limejengwa kwa masafa ya juu. Ukiyakata, unapata kilima cha duara badala ya mwiba, na urefu wake unakuwa wa uongo. Akasema Wapare hata kesi ya kuku tunaipeleka mpaka rufaa. Sawa, lakini hezi 130 zinatoka wapi? Hakuna mashine humu ndani yenye mitetemo hiyo.

Saa 7 na robo usiku. Umeme ukakatika.

Feni zikanyamaza, taa zikazima, tukabaki na mwanga wa skrini. Mtani alikuwa bado na elektrodi, na mchoro ulikuwa unaendelea. Mbele ya macho yetu ile kamba ikawa uzi. Wimbi dogo la P, mwiba wa R, kilima cha T, vyote safi kama vya kitabuni, bila filta yoyote.

Tukarekodi dakika mbili gizani. Kwenye grafu ya masafa kilele cha 130 hakipo. Kwa hiyo kilikuwa ni umeme wa ukutani. Lakini umeme wa nchi hii ni hezi 50, haujawahi kuwa 130.

Na hesabu ya mapigo kwenye ule mchoro safi? 187. Safari hii hakuna kelele ya kuisingizia.

Nikamshika mtani mkono nikahesabu kwa saa ya simu. Mapigo 36 kwa nusu dakika, yaani 72. Nikachukua kikokotoo: 187 gawanya kwa 72 ni 2.6. Mtani, akiwa gizani na karanga mdomoni, akasema, "Mtani, hebu gawanya na 130 kwa 50." Ni 2.6.

Saa yetu ndiyo mbovu. Kompyuta inaamini sampuli 500 ni sekunde moja, kumbe ni zaidi ya sekunde mbili na nusu. 500 kwa 2.6 ni kama 192. Kila kitu kinaonekana kwenda mbio mara 2.6, moyo na umeme pamoja. Na filta yetu ya "50" kiukweli ilikuwa inakata hezi 19, ndani ya masafa yenye nguvu ya wimbi la R. Vile vijiwimbi tulivitengeneza wenyewe.

Saa 8. Kwa nini 192? Mstari wa kwanza wa programu:

```cpp
Serial.begin(9600);
```

Kila namba tunayotuma ina tarakimu tatu, pamoja na herufi mbili za kumaliza mstari. Herufi tano, kila moja inabeba biti 10 zikiwemo za mwanzo na mwisho, jumla 50. Waya unapitisha biti 9600 kwa sekunde. 9600 gawanya kwa 50 ni 192 kamili. Arduino ilikuwa inasubiri foleni ya waya, wala si `delay`.

Umeme umerudi. Tukaweka 115200, tukarekodi upya. Kilele sasa kiko kwenye 55. Karibu, lakini filta yetu ina upana usiofika hezi mbili, kwa hiyo 55 inapita kando yake ikicheka. Sababu: `delay(2)` ni milisekunde mbili za kusubiri, halafu kusoma na kuandika kunaongeza muda wake juu.

Saa 9. Tukaacha kusubiri, tukaangalia saa:

```cpp
if (micros() - t >= 2000) {
  t += 2000;
  Serial.println(analogRead(A0));
}
```

Kilele: 50. Filta ikakifuta kwa pigo moja, na R imebaki na ncha yake. Mchoro bado unapanda na kushuka polepole mtani anapopumua. Filta nyingine ya kukata chini ya nusu hezi ikamaliza hilo kwa dakika kumi.

Saa 10 alfajiri. Ripoti. Mtani anaandika, mimi nachora grafu. Ile ya gizani tukaiweka ukurasa wa kwanza.

Saa 3 asubuhi. Mwalimu hakugusa filta kwanza. Akauliza, "Mmejuaje ni sampuli 500?" Tukamwonyesha kilele cha 50 kabla ya kukifuta. Akatikisa kichwa kukubali, akataka tumrekodi mtani hapohapo.

Kompyuta ikasema 96.

"Ripoti yenu inasema 72," akasema mwalimu.

"Mwalimu," mtani akajibu, "hiyo ni kabla ya vikombe vitatu vya kahawa."

Mwalimu akamshika mkono, akatazama saa yake, akahesabu dakika nzima. Tisini na tano.