Mikataba Iliyoisha Septemba

Mwanzoni mwa 2019 nilikuwa afisa utumishi katika hospitali moja ya kanisa, Nyanda za Juu Kusini, na nafasi iliyokuwa ikituumiza kichwa kuliko zote ilikuwa ya stoo ya dawa. Watunza stoo watatu walikuwa wameondoka mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyefikisha miaka miwili.

Asiyefanya kazi hospitalini anaweza kuona stoo ni ya kupokea maboksi na kuyatoa. Lakini mtunza stoo ndiye anayeagiza dawa, na hukadiria mahitaji ya miezi ijayo kwa kutazama matumizi ya miezi iliyopita, na makadirio hayo hayawi mazuri mpaka mtu awe ameuona mwaka mzima wa mahali pale: malaria baada ya mvua, nimonia za watoto wakati wa baridi ya Juni na Julai, na wagonjwa wanaoongezeka baada ya mavuno kwa sababu fedha ya matibabu imepatikana. Mgeni huagiza kwa hofu. Akizidisha, dawa zinaisha muda wake kwenye rafu. Akipunguza, daktari anaandika dawa ambayo haipo. Tena kila mtunza stoo anapoondoka lazima stoo ifungwe na dawa zote zihesabiwe. Upungufu ukionekana baada ya watu watatu kupokezana funguo, huwezi tena kusema umetokea mikononi mwa nani.

Kwa hiyo tulikuwa na sababu ya haki ya kutafuta mtu wa kukaa, na tangazo letu lilisema hivyo wazi.

Jopo la kuchambua maombi lilikuwa na mganga mfawidhi, katibu wa hospitali, mhasibu, matroni ambaye alikuwa sista wa shirika, na mimi. Wasifu wa mteknolojia dawa mmoja, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, uliwekwa pembeni mara tu ulipofunguliwa. Sehemu ya uzoefu ilisomeka hivi: Oktoba 2012 hadi Septemba 2013, mradi wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, Iringa. Novemba 2013 hadi Septemba 2015, mradi mwingine, Njombe. Januari hadi Mei 2016, duka la dawa la mtu binafsi, Mbeya. Oktoba 2016 hadi Septemba 2017, mradi, Songea. Oktoba 2017 hadi Septemba 2018, mradi, Mbeya. Sehemu tano za kazi katika miaka sita.

"Huyu ni kiguu na njia," alisema Sista. "Mwanangu, tumechoka kufundisha watu wanaoondoka."

Sikubisha kwamba tumechoka. Niliomba tu tusome safu ya tarehe za kuondoka peke yake, tukiacha kwanza hesabu ya miezi aliyokaa. Kazi nne kati ya tano ziliisha Septemba. Miradi mingi ya UKIMWI nchini kwetu wakati huo ililipwa na fedha za Serikali ya Marekani, na mwaka wa fedha wa Marekani huanza tarehe 1 Oktoba na kuisha tarehe 30 Septemba. Bajeti ya mradi ilipitishwa kwa mwaka huo, na mikataba ya wafanyakazi iliandikwa kuufuata. Mtu anayegombana na bosi wake huondoka Februari, au Agosti, au siku yoyote hasira itakapomfikisha. Anayepata kazi nono kwingine huondoka siku barua mpya inapotoka. Lakini mtu ambaye kila mara anaondoka siku bajeti inapofungwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba kalenda ndiyo iliyomwondoa. Ni vilevile kwa mwalimu wa shule binafsi ambaye mikataba yake yote inaisha Desemba, au mtu wa mradi wa Serikali anayeondoka tarehe 30 Juni.

Mganga mfawidhi aliuliza swali zuri sana, ambalo bado nalitumia ninapochambua maombi. Alisema mwisho wa mkataba ni kichaka kizuri pia cha mwajiri kumwachia mtu asiyemtaka bila maneno mengi. Ni kweli. Mkataba wa muda maalumu ukifika mwisho unaweza tu kuachwa usihuishwe, na kwenye karatasi aliyekuwa mzembe na aliyepunguzwa kwa kukosa fedha wanafanana kabisa. Kwa hiyo Septemba pekee haikutosha. Kwa kila kazi ilibidi tujue kama mradi wenyewe uliisha au uliendelea, na kama uliendelea, ni nani waliobakizwa.

Tukakubaliana aitwe, pamoja na wengine watatu. Katika simu ya mwaliko nilimwomba alete mikataba yake, vyeti vya utumishi, na taarifa yake ya michango ya NSSF. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa cheti cha utumishi mfanyakazi anapoondoka, ingawa wengi hawajui kukidai. Taarifa ya michango ni ya mfanyakazi mwenyewe, na ni yeye wa kuamua kutuonyesha. Inaonyesha nani alichangia na kwa miezi ipi, hivyo tarehe zilizonyooshwa kwenye wasifu ili kuficha pengo huonekana humo. Za kwake zililingana.

Siku ya usaili niliomba niongoze sehemu ya historia ya kazi. Sikumuuliza kwa nini anahamahama, maana swali hilo limeshabeba hukumu, na anayeulizwa huanza kujitetea badala ya kueleza. Nilimuuliza swali moja kwa kila kazi, kwa maneno yaleyale: "Dada, ilikuwaje ikaisha?"

Iringa, alisema, mradi uliendelea bila yeye. Alilisema mwenyewe kabla hatujafika huko. Mradi ulipunguza idadi ya halmashauri, na yake ikawa miongoni mwa zilizoachwa. Wote waliokuwa kwenye halmashauri hiyo waliondoka pamoja. Njombe, mradi ulifungwa. Songea alichukuliwa kuziba nafasi katika mwaka wa mwisho wa mradi, na alilijua hilo alipotia saini. Mbeya mradi ulipita kwa mshirika mwingine wa utekelezaji aliyekuja na watu wake.

Kazi niliyotaka zaidi kuielewa ilikuwa ile ya duka la dawa, kwa sababu haikuingia kwenye mpangilio huo. Miezi mitano, ikaisha Mei, hakuna mfadhili, hakuna bajeti ya kufungwa. Kama kulikuwa na tabia ya kukimbia kazi, ingejionyesha pale. Alijibu polepole kidogo kuliko mwanzo. Mwenye duka alitaka antibiotiki ziuzwe kwa yeyote anayezitaja jina, bila cheti cha daktari, na alitaka jina la dada huyu libaki kwenye daftari hata siku ambazo hakuwa zamu. Dada alimwambia mara kadhaa kwamba Baraza la Famasi likija atakayeulizwa ni mwenye usajili. Hakusikilizwa, akaandika barua ya kuacha kazi. Nakala ya barua hiyo alikuwa nayo, na ndani yake alitoa notisi ya siku 28 kamili. Anayetoroka kazi haandiki barua ya namna hiyo.

Mhasibu alimuuliza ni nini kingemfanya aondoke kwetu. Alisema: "Mkinitaka nisaini hesabu ambayo sikuihesabu mimi, nitaondoka. Na mshahara ukikaa miezi mingi bila kulipwa nitaondoka, nina mtoto anasoma." Niliona Sista akiandika.

Baada ya usaili nilipiga simu kwa wadhamini. Aliyekuwa msimamizi wake Iringa alithibitisha habari ya halmashauri zilizoachwa. Jambo zito zaidi nililipata kwa msimamizi wa Njombe, ambaye mwaka 2016 alikuwa amehamia Songea: ndiye aliyemtafuta na kumchukua tena. Kwangu hiyo ina uzito kuliko barua yoyote ya sifa. Mtu aliyeishi na kasoro zako karibu miaka miwili, akapata nafasi ya kuchagua upya, akakuchagua tena, ametoa ushahidi wake kwa vitendo. Kwenye wasifu lakini jambo hilo lilikuwa limezidisha tu idadi ya kazi fupi.

Mshindani wake mkubwa alikuwa kaka mmoja mwenye miaka kumi na moja katika kituo kimoja cha afya. Katibu alimpenda kwa miaka hiyo tu, na sikumlaumu. Lakini nilipouliza alichofanya ndani ya miaka hiyo, alikuwa dirishani akigawa dawa kwa wagonjwa. Oda hakuwahi kuandaa. Alipoulizwa kwa nini anaondoka sasa, alisema kwa uaminifu kwamba anasubiri ajira ya Serikali na kwetu ni karibu na kwao. Hakuna ubaya katika jibu hilo. Ila hao watatu waliotuachia stoo, nilikuwa nimetoa barua zao kwenye majalada asubuhi ile, na wote watatu waliondoka kwa sababu hiyohiyo: majina yao yalitoka kwenye orodha ya ajira za Serikali. Kabla ya kuja kwetu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuwa na kazi fupi kwenye wasifu wake.

Nikaliambia jopo kwamba swali letu lilikuwa limeelekezwa pasipo. Tulikuwa tukipima ukaaji wa watu mahali pengine, huku sababu ya kuondoka kwao kwetu imeandikwa kwenye majalada yetu wenyewe: mshahara mdogo kuliko wa Serikali na mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Huwezi kumpa mtu mkataba wa mwaka mmoja, ukamlaumu anapoanza kutafuta kazi mwezi wa tisa wa mkataba. Mganga mfawidhi aliunga mkono, na mhasibu pia, baada ya kupiga hesabu ya dawa zilizoharibika kwa kuisha muda na kuilinganisha na nyongeza ya mshahara tuliyokuwa tukiikwepa. Sista hakukubali. Alisema bado anaogopa, na akaomba hofu yake iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Iliandikwa, na ilistahili, kwa sababu hakuna karatasi inayoweza kukuhakikishia mtu atafanya nini miaka mitatu mbele.

Tulimwajiri kwa mkataba usio na ukomo, baada ya miezi sita ya majaribio, akapewa nyumba ya watumishi. Kwenye fomu yetu ya maombi niliongeza safu mbili: aina ya mkataba, na jinsi kila kazi ilivyoisha. Waombaji waliofuata wakaanza kuandika wenyewe "mradi ulifungwa" au "nilijiuzulu", na uchambuzi ukawa na kitu cha kushika.

Mwaka 2022 Serikali ilipotangaza ajira za kada za afya, alikuja ofisini akaniambia kwamba ataomba, ili nisisikie kwa watu. Nilimwandikia utambulisho siku hiyohiyo, kisha nikaanza kumtafuta msaidizi wa kujifunza stoo naye, jambo tulilopaswa kuwa nalo hata angekuwa mtu wa kuzeekea pale. Hakupangiwa. Mwaka uliofuata hakuomba, na nilipohama hospitali ile yeye ndiye alikuwa akiandaa oda, na yule msaidizi akiwa ameshamaliza naye mwaka mzima.