Mstari Unaopanda

Jana jioni binti yangu aliniletea daftari lake na kuniuliza, "Baba, ngazi hii ina vipandio vingapi?" Alikuwa ameichora kwa upande, mstari ukipanda na kulala, ukipanda na kulala, hadi ukafika sakafu ya juu. Nilihesabu mara mbili kabla ya kumjibu, kwanza palipolala, kisha palipopanda, na hesabu hizo mbili hazikulingana. Ndipo nikamkumbuka yule fundi na zile mbao kumi na sita.

Rafiki yangu alikuwa amenitumia picha ya ngazi yake ya zege, iliyopigwa kutoka ubavuni, pamoja na kipimo kimoja tu: kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu ni sentimita 289. Alitaka nimkatishie mbao za kufunika nyuso za mbele za vipandio. Niliikuza picha, nikahesabu sehemu za kukanyagia, nikapata 16. Niligawanya 289 kwa 16, nikapata 18 na kitu kidogo, na kwa kuwa kimo cha sentimita 18 ni cha kawaida kabisa kwa ngazi ya nyumba, sikuona sababu ya kulitilia shaka jibu. Mbao zikakatwa kwa kimo hicho.

Siku ya kuzifunga, fundi alianzia katikati ya ngazi, mahali palipokuwa na mwanga. Alipiga magoti, akausimamisha ubao mbele ya kipandio na kuusukuma hadi ukagusa zege. Ukingo wa juu wa ubao ulichomoza kupita sehemu ya kukanyagia kwa takriban upana wa kidole chembamba. Hakusema neno. Alihamia kipandio kilichofuata, na ubao ukachomoza vilevile, na kingine, vilevile. Kisha akapitisha kiganja chake juu ya ule ukingo uliozidi, taratibu, akaniangalia na kusema, "Ndugu yangu, umehesabu pa kukanyagia, hukuhesabu pa kupandia. Na ubao mmoja umepungua."

Sakafu ya juu ndiyo sehemu ya kukanyagia ya mwisho, lakini katika picha haionekani kama kipandio, kwa hiyo jicho huiruka. Sehemu 16 za kukanyagia zilikuwa na mipando 17, na 289 kwa 17 ni sentimita 17 kamili.

Usiku ule niliirudia picha kwa namna ambayo ningepaswa kuitumia tangu mwanzo. Kutoka mstari wa sakafu ya chini hadi ukingo wa sakafu ya juu zilikuwa pikseli 1,734, yaani pikseli 6 kwa kila sentimita. Kupima kipandio kimoja hakutoshi, kwa sababu tofauti kati ya kimo cha sentimita 17 na cha 18 ni pikseli 6 tu, na ukingo wenye kivuli unaweza kunidanganya kwa kiasi hicho. Kwa hiyo nilipima vipandio vinane vya katikati kwa pamoja, nikapata pikseli 816, ambazo ni 102 kwa kila kimoja, sawa na sentimita 17. Kama vingekuwa vya sentimita 18, vinane vingechukua pikseli 864, na pengo la pikseli 48 halifichwi na kivuli. Nililinganisha pia vinne vya chini na vinne vya juu, kwa kuwa kamera iliyoinamishwa hubana upande mmoja wa picha. Vya chini vilikuwa pikseli 410 na vya juu 406, tofauti ndogo iliyonionyesha kwamba mpiga picha alisimama mbali na kuishika kamera wima.

Mbao 16 zilipunguzwa sentimita moja kila moja, na wa 17 ukakatwa upya. Hata hivyo, kipandio cha chini kabisa kilikataa. Kilikuwa na sentimita 15, kwa sababu baada ya picha kupigwa sakafu ya chini iliwekwa vigae, na vigae pamoja na udongo wake vilimeza sentimita 2. Hesabu yangu ya pili ilikuwa sahihi kwa ngazi iliyokuwa pichani, si kwa ngazi iliyokuwa mbele yetu. Mpaka leo sijui kama ni mimi niliyepaswa kuuliza kuhusu vigae au ni rafiki yangu aliyepaswa kuniambia.

Nilimwonyesha binti yangu sakafu ya juu kwa kidole, naye akachukua penseli, akaandika namba kwenye kila mstari unaopanda. Mstari wa chini kabisa alikuwa ameuchora mfupi kuliko mingine, nami sikumwambia aufute.