Sajinitaji ni nani kwa raia? Barua yangu ya kazi niliyoiandika mara mbili

Nimelitumikia jeshi miaka 21 na nilitoka nikiwa na cheo cha Sajinitaji. Leo ninasimamia ulinzi wa bohari moja hapa Kigoma, mwisho wa reli, ambamo mizigo inasubiri kuvuka ziwa kwenda Kongo na Burundi. Kazi hii niliipata kwa barua. Niliomba nafasi ya aina hii mara mbili, kwa waajiri wawili tofauti, na mtu alikuwa yuleyule na vyeti vilevile. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili iliniitisha kwenye usaili kabla wiki haijaisha.

Ya kwanza ilinipoteza kwa sababu nilisikiliza ushauri. Afande mmoja aliyestaafu kabla yangu aliniambia, "Weka cheo juu kabisa, weka kikosi, weka operesheni zote na nishani zote. Raia akiona hivyo anatetemeka." Nikafanya hivyo. Nilikaa na kijana wa steshenari pale Mwanga karibu saa nzima, namsomea naye anachapa, na nikalipa elfu mbili tatu hivi pamoja na kutoa nakala. Aya yenyewe ilisomeka hivi:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Sajinitaji mstaafu. Nimekuwa kamanda wa seksheni, sajenti wa platuni, kamanda wa gadi na msimamizi wa ghala la silaha. Nimeshiriki operesheni mbalimbali ndani na nje ya mipaka. Nina nidhamu ya hali ya juu na uzalendo."

Niliipenda barua ile. Nikaipeleka kwa mkono, viatu vimeng'aa, nikasubiri miezi miwili. Simu haikulia. Nilipokwenda kuuliza, karani alisema kwa upole kwamba nafasi ya usimamizi imepata mtu, ila kama nataka kukaa getini nitaandikwa. Niliumia sana siku ile. Nilirudi Gungu kwa miguu, nikajiuliza kitu gani hakikuonekana katika miaka 21.

Aliyenifungua macho ni shemeji yangu anayeuza dagaa Kibirizi. Hajui lolote la jeshi, na ndiyo maana nilimchagua. Nilimsomea barua yote halafu nikamwomba aniambie, bila kuitazama, huyu mtu anaweza kumfanyia nini mwenye bohari. Akafikiri, akasema, "Shemeji, nimesikia ulikuwa polisi mkubwa, una bunduki, na umepigana." Nikamwambia sikuwa polisi. Akasema, "Hilo la taji nilidhani ni la polisi. Na platuni ni gari?"

Tukarudia neno kwa neno. Kila aliposema "maana yake nini?" nilipiga mstari kwa kalamu nyekundu, na kila nilipomjibu kwa mdomo niliandika jibu langu pembeni kama lilivyotoka. Hapo ndipo barua ya pili ilipozaliwa, kwa sababu majibu yangu ya mdomo yalikuwa mazuri kuliko barua. Aliuliza kamanda wa gadi anafanya nini. Nikamwambia: anapanga nani anasimama lindo gani na saa ngapi, anapokea zamu kwa aliyemtangulia, anahesabu kila kitu mbele yake, wote wawili wanasaini, halafu usiku anazunguka kwa saa zisizojulikana kuona kama walinzi wako macho. Shemeji akaniuliza, "Sasa mbona hayo hukuandika?"

Ukiwa jeshini huandiki hayo kwa sababu kila mtu anayajua. Ukisema sajenti wa platuni, askari mwenzako anaona watu kama 30, ratiba zao, vifaa vyao, ugonjwa wao na ugomvi wao. Raia anaona mtu wa amri. Tena nilikuja kuambiwa na mama wa rasilimali watu aliyeniajiri kwamba barua za wanajeshi huwa zinamtia wasiwasi: anahofu atampata mtu wa kupiga wafanyakazi makofi na kumvunja mwizi mguu. Kwa hiyo cheo changu, ambacho nilidhani kinanipandisha, kilikuwa kinaamsha hofu hiyo, na barua haikuwa na neno hata moja la kuituliza.

Katika barua ya pili cheo kilibaki mara moja tu, nacho kikafuatiwa na maelezo. Nitanukuu sehemu niliyoitolea jasho zaidi:

"Nilitoka jeshini nikiwa Sajinitaji. Kwa kazi za kila siku, hiyo ilikuwa na maana ya kusimamia watu wapatao 30: kupanga zamu zao, kuwafundisha, kuandika taarifa zao na kuwajibika kwa vifaa walivyokabidhiwa. Katika ghala nililosimamia, hakuna kilichotoka bila saini ya anayetoa na anayepokea, na kila makabidhiano mali ilihesabiwa na watu wawili. Hesabu isipolingana na daftari, anayeondoka haondoki mpaka tofauti ipatikane."

Sikutaja ghala lilikuwa na nini wala ngapi. Hili naliambia kila askari anayeniletea barua yake: jina la kikosi, mahali, idadi ya silaha na yaliyotokea kwenye operesheni usiyaandike. Kiapo hakikwisha siku uliyovua kombati, na mwajiri mwerevu akiona unamwaga siri za ulikotoka, atajua na zake utazimwaga. Utaratibu wa kazi unatosha. Cheti cha kumaliza utumishi kitathibitisha cheo na miaka.

Sehemu ya pili ya barua ndiyo iliyonipa kazi, na kusema kweli nilikaribia kuikosea. Tangazo lilisema bohari lina malindo manne, saa 24, siku zote za wiki. Kijeshi hesabu ni rahisi, kwa sababu askari yupo kambini na akihitajika anaamshwa. Nikaandika walinzi wanane, wawili kwa kila lindo, mmoja mchana na mmoja usiku, saa 12 kila mmoja. Nilikuwa nimeshaikunja karatasi. Binamu yangu, ambaye ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, akaisoma akatikisa kichwa. "Saa 12 mara siku saba ni saa 84. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na utazilipa mara moja na nusu. Unataka kumpeleka tajiri wako mahakamani kabla hujaanza kazi?"

Tukakaa tukapiga hesabu upya. Lindo moja kwa wiki ni saa 168. Malindo manne ni saa 672. Ukigawa kwa 45 unapata karibu watu 15. Lakini kila mlinzi ana likizo ya siku 28 kwa mwaka, yaani anafanya kazi wiki 48 kati ya 52, kwa hiyo wale 15 hawatoshi: inakuja 16 na kidogo, na mtu hakatwi vipande, basi ni 17. Bado hujaweka anayeugua. Niliandika hivyo hivyo katika barua, kwa mistari minne, nikaongeza kwamba kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi, nayo iingie kwenye bajeti mapema. Aya hiyo haikuwa na neno hata moja la jeshi.

Kwenye usaili yule mama aliifungua barua palepale. Akauliza, "Kampuni inayotulindia sasa imeweka wanane. Wewe unasema 17. Kwa nini nikuamini?" Nikamwomba anionyeshe daftari la matukio la mwezi mmoja. Nikamwambia atazame upotevu unaandikwa saa ngapi. Karibu wote ulikuwa umeandikwa asubuhi, kwenye makabidhiano, na hakuna aliyesema ulitokea saa ngapi. Mtu anayesimama kwa muda wa saa 12 kila usiku, siku saba mfululizo, analala kuanzia saa tisa. Na anayempokea hahesabu, anasaini tu ili mwenzake aende. Namba za lakiri kwenye makasha zilikuwa hazijaandikwa kabisa, ingawa ziko kwenye hati ya mzigo na ni suala la kutazama na kulinganisha. Kule nilikotoka, kosa kama hilo lingekuwa la msimamizi kabla halijawa la mlinzi, na nilimwambia hivyo.

Akaniuliza swali alilokuwa amelishika tangu mwanzo: mlinzi wako akimkamata mwizi utafanya nini? Nikamsomea sentensi iliyokuwa tayari kwenye barua: "Najua kwamba mlinzi wa kampuni hana mamlaka ya askari. Akimkamata mtu, kazi yake ni kumfikisha polisi bila kuchelewa, na kuandika nani aliona nini." Kisha nikamweleza na lile ambalo sikulijua, nalo nililiandika wazi: jeshini mkosaji anaingia mahabusu siku hiyohiyo, huku uraiani kuna barua ya onyo, kuna kusikilizwa, kuna mtu wa kumtetea. Niliandika kwamba hilo ninajifunza na ninahitaji idara ya rasilimali watu inishike mkono miezi ya mwanzo. Yule afande angenikataza kuandika udhaifu. Yule mama alisema ndiyo sentensi iliyomfanya apige simu.

Hatukupata 17 mara moja. Tulianza na 12 na malindo matatu, lindo la nne tukaliziba kwa ukuta na taa, na wengine wameongezwa kidogo kidogo.

Juzi koplo mmoja mstaafu kutoka Tabora kaniletea barua yake. Ameandika "dereva wa magari ya kijeshi, miaka 14". Nikamuuliza kabla ya safari alikuwa anafanya nini. Akasema alikuwa anazunguka gari, anakagua matairi, mafuta, breki na kamba za mzigo, anaandika kilomita, anasaini. Nikampa kalamu, nikamwambia aandike hayo hayo, kwa mpangilio huohuo.