Siku yangu moja ya kuchora viota vya nati

Watu wakisikia nina printa ya 3D wanadhani kutwa nzima nachapa vinyago na vishikizo vya funguo. Kazi inayonilisha hapa Mwanakwerekwe ni vishimo vya pembe sita. Nati au kichwa cha boliti kikae ndani ya plastiki, kisizunguke, kisichomoke. Mie nakiita kiota. Hii ni siku ya Jumatano iliyopita.

Saa mbili asubuhi nafungua, nafuta vumbi, nawasha mashine, nakunywa chai ya tangawizi.

Saa tatu anaingia kijana ninayemfundisha, na kasha lake la plastiki mkononi, amenuna. Amechora kiota cha nati ya M5, ile ya spana namba 8. Akaandika 8, tena akaongeza kidogo, na nati haiingii hata ukiibembeleza. Nikamuuliza nane hiyo kaipima wapi. Kosa hili nililifanya mwenyewe mara nyingi. Spana hushika bapa kwa bapa, lakini OpenSCAD, programu tunayochorea, ukiiambia itengeneze umbo la pembe sita lenye kipenyo cha 8, inahesabu kona kwa kona. Bapa kwa bapa unabaki na 6.93. Unatakiwa ugawe kwanza:

```
bapa = 8.2;
cylinder(d = bapa / cos(30), h = 4.2, $fn = 6);
```

Akaenda kurekebisha. Mie nikatoa oda mbili ndogo, na hapo asubuhi ilikuwa bado ni yangu.

Saa nne na nusu akaja kapteni.

Huyu ni mzee wa boti ya watalii kule Nungwi. Wiki iliyopita alinipigia simu, anataka virungu sita vya kukazia nguzo za turubai la boti, vya kuzungusha kwa mkono, maana spana zinadondoka baharini. Boliti zake alisema ni "za kumi na tatu". Kwa mafundi wetu boliti huitwa kwa spana yake, na ya kumi na tatu ni M8. Nikachora kiota cha 13.2, nikachapa kwa uzi wa PETG kwa sababu ule wa kawaida, PLA, hulainika ukiachwa kwenye jua la boti, nikampa dereva wa daladala ampelekee. Boliti zenyewe sikuziona. Hilo ndilo kosa langu, nalikiri.

"Shikamoo kapteni."

"Marahaba. Mwanangu, mali yako mbovu." Akamwaga virungu mezani. "Nakaza, kinazunguka peke yake, boliti imesimama."

Nikakichukua kimoja, nikakielekeza dirishani. Plastiki ni nyeusi, lakini kwenye kuta za kiota kulikuwa na alama nyeupe, kila moja karibu na kona, pale plastiki ilipobanwa mpaka ikabadilika rangi. Viwili kati ya vile sita kona zake zilikuwa zimekwisha kabisa, shimo limekuwa duara. Ukiona hivyo, kichwa kilikuwa kinacheza: kinageuka kidogo, kinagonga kuta kwa ncha zake badala ya kuzilalia kwa bapa, na kila ukikaza kinakula zaidi.

Nikaomba boliti. Kalipa ikasoma 12.65.

"Kapteni, hii si kumi na tatu."

"Wallahi ni kumi na tatu! Miaka yote naifungua kwa spana kumi na tatu."

Akatoa spana mfukoni, akaivika kwenye kichwa. Kweli ikaingia. Nikamwomba aitikise. Ikalia kaka-kaka. Yeye akaona ni spana iliyozeeka. Tukabishana hapo, wateja wawili wengine wamesimama wanasikiliza, mmoja akaanza na yeye kutoa ushauri wa kutia gundi. Mwisho nikafungua kopo langu, nikatoa nati mpya ya M8, nikampa ajaribu mwenyewe. Ilizunguka mara mbili, ikakwama. Akaigeuza, ikakwama tena. Hapo akanyamaza.

Ilikuwa boliti ya inchi, 5/16, kichwa chake nusu inchi, yaani 12.7. Unene wake na M8 unakaribiana, 7.94 kwa 8, jicho halitofautishi. Hesi zake ndizo mbalimbali: M8 hupanda milimita 1.25 kwa kila mzunguko, hii hupanda 1.41. Kichwa cha 12.65 ndani ya kiota cha 13.2 kina nafasi ya zaidi ya nusu milimita. Kwa mbao isingekuwa neno. Kwa kiota ni kifo.

"Basi nataka leo," akasema. "Kesho asubuhi nina wageni."

Kiota hakichapwi kwa kukisia. Nikachora kibao kidogo chenye viota vinne: 12.65, 12.75, 12.85 na 12.95. Nusu saa ikatosha kukichapa. Kapteni alikaa kitini akiitazama pua ya mashine kama anayesubiri samaki.

Cha kwanza kikakataa kabisa, kwa sababu shimo likichapwa hutoka dogo kuliko lilivyochorwa; plastiki ya moto hutanuka kidogo kuelekea ndani, na pua haiwezi kukata kona kali, huizungusha. Cha 12.75 kikaingia milimita moja kikasimama. Nilipokichomoa kichwa, mikwaruzo ilikuwa konani tu, bapa zilikuwa safi. Wapo wanaotoboa vitundu konani ili kichwa kipite, lakini kichwa hushika karibu na kona hizo hizo, na mie sitaki kupunguza nyama pale. Cha 12.95 kikaingia kwa dole gumba, ukikipindua kinadondoka. Cha 12.85 kilihitaji kuvutwa. Nikasema hiki.

Kuvutwa, si kugongwa. Nyundo hupasua tabaka. Unapitisha boliti, upande wa pili unaweka washa na nati yake, unakaza polepole mpaka kichwa kikae kwenye sakafu ya kiota. Nilichora kina cha 5.5 kwa kichwa cha 5.2, kiota kikawa juu ya kirungu, ili kapteni akikaza boliti ijivute kuingia ndani ya plastiki, isijaribu kutoka. Ukuta nikauzungushia mistari mitano ya plastiki badala ya miwili.

Chakula cha mchana kilikuwa urojo nilioula nimesimama. Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Nilichapa viwili viwili badala ya sita kwa pamoja, na nashukuru, maana baada ya adhana ya alasiri umeme ulikatika na vilivyokuwa mashineni vikaenda jaani. Vingekuwa sita. Jenereta ya jirani ikalia, joto likapanda, kapteni akalala na kofia usoni. Umeme uliporudi nikaanza upya. Kijana alikuwa ameshaondoka, nati yake ya M5 imekaa kiotani, picha kaiweka kwenye status yake.

Ilipata saa tatu usiku ndipo nilipovuta kichwa cha sita. Mgongo uliuma. Nikakibana kirungu kwenye jiliwa pamoja na kipande cha bomba, nikamwambia kapteni akaze kwa nguvu zake zote. Akakaza mpaka mshipa wa shingo ukatoka. Hakikucheza.

Akalipa nusu, akasema nusu baada ya safari. Mlangoni akageuka.

"Mwanangu, nina boti ya pili. Zile boliti zake za kumi."

"Nenda ukazilete zenyewe, kapteni."